Mvi za Simu: Mbona Filta Inakuvisha Pamba Kichwani, na Vile Msee wa Rongo Alimpa Buda Yake Mvi Zinazokaa Zake

Kuna picha umeiona kwa grupu ya familia ama ya wenye mlisoma nao, na labda ni wewe uliituma. Mtu wa miaka 28 amepitisha sura yake kwa filta ya uzee, akatoka na kichwa cheupe pe, nyusi nyeusi ti, shingo laini ya kijana wa kidato cha nne. Watu wanacheka, wanaandika "jaduong'", risto inaisha hapo.

Mara ya kwanza hii kitu kuwasha mtandao vizuri ilikuwa Julai 2019, wakati apu ya FaceApp ilizeesha dunia nzima ndani ya wiki moja. Mastaa waliingia, wanasiasa wakaingia, na sisi huku Migori na Homa Bay hatukuachwa. Tangu hapo filta zimekuwa nyingi na zimekuwa kali kwa makunyanzi. Lakini kwa nywele zetu, bado mara nyingi zinachapa kitu kama pamba ya hospitali imebandikwa na gundi. Na sasa mchezo umebadilika, kwa sababu si kila mtu anayeweka mvi kwa picha anataka kuchekesha. Kuna wenye wanataka kumwona mtu ambaye hakufika uzeeni.

Ukiwa umekulia hizi kaunti mbili huhitaji kuelezwa sana. Watoto wengi wa miaka ya 90 walizika wazazi wakiwa wadogo, kabla dawa za ARV hazijaanza kupatikana bure kwa hospitali za umma miaka ya 2000. Hao watoto leo ni watu wazima. Wengine wameshapita umri ambao baba zao walikuwa nao kwa ile picha moja ya studio iliyobaki nyumbani. Msee mmoja wa Rongo, fundi wa simu, aliniambia hivi: "Nikiangalia picha ya buda naona kijana. Mimi ndio mkubwa. Nataka kumwona akiwa ananizidi." Ni yeye tutamfuata hapa, kwa sababu alikosea mara mbili kabla apate, na makosa yake ndiyo darasa.

Kosa la kwanza ni lile la kila mtu. Alipiga picha ya ile picha, akaitupa kwa filta, akabonyeza uzee. Kilichotoka kilikuwa mzee safi kabisa, ila si wao. Pua ilikuwa imechongwa, ngozi imepauka, na nywele zimekuwa rangi moja ya majivu kutoka paji hadi kisogo. Mamake, ambaye anaishi Oyugis, aliangalia skrini akauliza huyo ni nani.

Hebu tuseme wazi shida iko wapi. Mvi si rangi. Unywele ukiota bila ile rangi asili ya mwili unatoka mweupe, na jirani yake bado anatoka mweusi. Ule ukijivu unaouona ukiwa mbali ni macho yako yanachanganya weupe na weusi, vile ukisimama mbali na sahani ya mchele na ndengu unaona rangi moja. Filta ikipaka kijivu kimoja kichwa chote, imetoa ule mchanganyiko, na jicho linashtuka hata kama wewe huwezi kusema limeshtukia nini.

Kwa nywele zetu shida inaongezeka. Unywele ulionyooka ukiwa mweupe unaonekana kama uzi mrefu. Wetu umejikunja, na kama umekatwa mfupi, mvi inaonekana kama nukta, ama kijiduara kidogo sana, chumvi imemwagika juu ya makaa. Ukichora nyuzi ndefu nyeupe kwa kichwa cha Mluo aliyenyoa jana, umemvalisha wigi ya jaji.

Halafu kuna mpangilio. Mvi haziingii kichwani kama mvua, zina njia. Kwa wanaume wengi zinaanzia panja, pale kando ya macho juu ya masikio, kisha zinapanda utosini, na kisogo ndicho kinangoja mwisho. Ndevu za kidevuni mara nyingi zinatangulia hata nywele za kichwa. Nyusi huchelewa. Kwa wanawake, mara nyingi utaziona mbele, kwa mstari wa paji, kabla ya kwingine. Na sisi Waafrika kwa wastani tunaanza kupata mvi katikati ya miaka ya 40, Wazungu karibu miaka kumi mapema, kwa hivyo ukimpa mtu wa miaka 42 kichwa cheupe chote umemruka hatua nyingi.

Unataka kuona hiyo njia kwa mtu unayemjua? Fungua picha za Barack Obama. Januari 2009 akiapishwa alikuwa na miaka 47 na nywele karibu zote nyeusi. Chukua zile za Julai 2015 alipokuja Nairobi, kisha zile za 2017 akitoka ofisini. Kwa sababu ananyoa mfupi na amepigwa picha kila siku kwa miaka minane, unaona kila kitu: panja zinaanza, kando zinafuata, juu panabaki na weusi uliochanganyika. Ni chati ya bure.

Na hapa Homa Bay hiyo chati ina kitu kingine ndani yake. Babake, Obama mkubwa, alizaliwa miaka ya 30 karibu na Kendu Bay, na alikufa kwa ajali ya gari Nairobi Novemba 1982 kabla ya kufika miaka 50. Uzee wake haukupigwa picha kwa sababu haukufika. Lakini kama ungetaka kukisia kichwa chake kingekaaje akiwa na miaka 60, ungeanzia wapi? Si kwa filta. Ungeanzia kwa mwanawe na ndugu zake, kwa sababu mvi hutembea na damu.

Msee wa Rongo alishika hiyo point haraka. Babake alikuwa na ndugu wa tumbo moja, amezeeka, bado yuko hai karibu na Kendu Bay. Akaenda, akampiga picha nne: mbele, kushoto, kulia, nyuma, kivulini asubuhi. Hizo ndizo alizotumia kama ramani.

Kazi yenyewe sasa.

Picha ya buda ni ya studio, ya 1996. Ni ya rangi lakini imekuwa ya machungwa kama picha zote za enzi hizo, na juu imechubuka kidogo. Aliitoa kwa fremu, akaiweka mezani nje chini ya mti, akapiga simu ikiwa sambamba nayo, bila flashi. Kivuli ni muhimu kwa sababu jua moja kwa moja linaacha mng'ao kwa karatasi, na huo mng'ao baadaye utakudanganya ukadhani ni mvi. Alipoituma kwa kompyuta ya rafiki ili aione kwa skrini kubwa, aliituma WhatsApp kama `Document`, si kama picha ya kawaida, maana WhatsApp ikiibana picha inakula vile vinukta vidogo vyote unavyovihitaji.

Kwanza aliondoa ule uchungwa. Kwa Snapseed, ambayo ni ya bure, unaingia `White Balance` na kusogeza hadi shati jeupe liwe jeupe. Ukiruka hii hatua, utaweka mvi za kijivu safi juu ya picha ya machungwa, na hapo ndipo ule ubandikaji unaanza. Mvi ni nyeupe, na kitu cheupe hubeba rangi ya mwanga uliopo. Chini ya balbu inakuwa na umanjano. Nje kivulini inakuwa na ubuluu kidogo. Ukipigwa picha kwa barabara ya udongo mwekundu, upande wa chini wa ndevu nyeupe unapata wekundu. Kijivu ambacho hakijali mwanga kinapiga kelele.

Pili ni msingi. Ndani ya Snapseed, `Tune Image`, akashusha `Saturation` na kupandisha `Shadows` kiasi. Picha yote ikapauka, na hiyo ni sawa. Kisha akaingia `View edits`, akachagua hiyo hatua, na kutumia brashi kuirudisha kwa nywele pekee. Brashi ina nguvu za 25, 50, 75 na 100. Yeye alipaka panja kwa 75, utosi kwa 50, kisogo kinachoonekana kwa 25, na pale nywele zinapokutana na paji akapita kwa 25 tu. Ukitaka brashi iwe ndogo, vuta picha karibu, maana saizi yake inafuata ukubwa wa picha kwa skrini. Na mstari wa nywele usiwe kama umekatwa na rula. Kwa mtu mweusi, ngozi ya kichwa huonekana kupitia nywele pale mbele, na huo weusi wa ngozi lazima ubaki.

Hapo wengi huachia, na ndipo picha inakaa kama lami iliyopauka. Sababu ni kwamba kamera za zamani, na hata simu nyingi za leo, zinafanya nywele nyeusi kuwa doa moja jeusi lisilo na kitu ndani. Ukilipandisha mwanga hupati nywele, unapata ukungu. Lazima uongeze nukta mwenyewe.

Kwa hiyo alihamia ibisPaint, ambayo inakupa leya. Akafungua leya mpya juu ya picha, akachagua brashi ndogo sana, na kuanza kutia nukta moja moja akifuata ramani ya babake mdogo. Si nyeupe. Kijivu hafifu, na alikuwa anabadilisha kidogo kila baada ya muda ili zisifanane. Panja alitia nyingi hadi nyeupe zikazidi nyeusi, juu ya kichwa alitia kama nne kwa kila kumi, nyuma kidogo tu. Upande wa mwanga zikawa angavu, upande wa kivuli zikawa za kijivu kizito. Hii kitu ya mwanga ndiyo watu husahau zaidi: kama taa ya studio ilikuwa kushoto, mvi za kulia haziwezi kung'aa sawa na za kushoto.

Saa mbili zilienda hapo. Akimaliza, nukta zilikuwa kali kuliko picha yenyewe, kwa sababu picha ya 1996 ina ulaini wake. Akaipa ile leya `Gaussian Blur` kidogo mno, akashusha `Opacity` hadi nukta zikazama, na kuongeza chembechembe kidogo ili zilingane na za karatasi. Leya mpya ikiwa safi kuliko picha ya chini, jicho linajua.

Jaribio lake la kupima nalipenda, na nimeanza kulitumia hata kwa picha za watu wengine. Angalia kola ya shati. Kama shati ni jeupe na liko kwa mwanga ule ule, hakuna mvi inayofaa kuwa nyeupe kuliko hiyo kola. Kama hakuna shati jeupe, tumia weupe wa macho, ila kumbuka nao hukaa kivulini. Kisha punguza picha hadi iwe ndogo kama ukucha. Kama kitu cha kwanza unachoona ni nywele na si uso, umezidisha.

Ilipita. Kola ilishinda, uso ulitangulia. Akapanda matatu hadi Oyugis.

Na hapo ndipo kosa la pili lilimngoja. Mamake alikaa na simu muda mrefu, akasema, "Wuoda, huyu ni shemeji yangu." Fundi alikuwa amefuata ramani kupita kiasi. Babake mdogo ana upara unaopanda kutoka panja, na yeye, bila kufikiria, alikuwa amesukuma mstari wa nywele za babake nyuma ili ufanane. Mama akamwonyesha kwa kidole: mume wake alikuwa na nywele zinazoshuka katikati ya paji kama ncha, na hata babu alikufa mzee nazo. Pia akamwambia kitu ambacho hakikuwa kwa picha yoyote. Kabla afariki, buda alikuwa ameshaanza kutoa mvi tatu nne kidevuni, upande wa kushoto, na alikuwa anazing'oa.

Hiyo ndiyo habari hakuna apu inayo. Akarudisha mstari wa nywele ulivyokuwa, akaweka ndevu fupi zenye weupe mwingi kushoto kuliko kulia, nyusi akaziacha nyeusi na nukta chache tu. Uso aliugusa kidogo sana: mistari miwili kando ya mdomo, kivuli kidogo chini ya macho. Nilimuuliza mbona hakuweka makunyanzi zaidi. Akasema akizidisha uso, anaanza kubuni mtu. Kwa nywele ana ushahidi, kwa uso hana. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana naona picha nyingi za uzee zingekuwa bora zikiacha ngozi karibu ilivyo.

Sasa, kwa wale ambao hawana buda wa kumzeesha, wanataka tu kujua wakiingia saluni Homa Bay ama Migori mjini waseme "nipake silva", watatoka wakikaa aje. Mbinu ni ile ile, lakini hapa kuna tofauti moja. Mvi za uzee zina mchanganyiko, silva ya saluni haina. Ni rangi moja kwenye urefu wote, kwa hivyo picha ya majaribio inaweza kuwa na kijivu kimoja bila kudanganya, mradi mizizi uiache nyeusi. Rangi haikai safi mizizini zaidi ya wiki chache, na picha isiyo na mizizi inakuonyesha siku ya kwanza tu. Weka sentimita moja nyeusi uone kama bado unaipenda.

Kitu ambacho picha haitakuambia ni njia ya kufika huko. Nywele nyeusi haziruki moja kwa moja hadi silva. Ukizipaka blichi zinapita wekundu, kisha machungwa, kisha manjano, na lazima zifike manjano hafifu sana, kama ndani ya ganda la ndizi, ndipo rangi ya silva ishike. Ukiishia kwa machungwa ukapaka silva juu, unapata tope. Kwa nywele zetu hiyo safari kwa siku moja inaweza kuzikata, hasa kama tayari zina dawa ya kulainisha. Kama unataka luku ya wikendi, suka na nywele za kijivu za dukani ama vaa wigi, nywele zako zipumzike chini.

Kuna pande mbili za hii story ambazo si za urembo. Moja ni mahali picha inaenda. Kelele za 2019 hazikuwa za bure: FaceApp ilikuwa ya kampuni ya Urusi, picha zilikuwa zinachakatwa kwa seva zao na si ndani ya simu yako, na masharti yake yalijipa ruhusa pana ya kutumia ulichopakia. Seneta Chuck Schumer wa Marekani aliomba FBI iangalie. Kampuni ilijibu kwamba picha nyingi zinafutwa ndani ya saa 48. Novemba mwaka huo huo Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini sheria ya Nairobi haikurudishii picha iliyokwishafika ng'ambo. Snapseed na ibisPaint unaweza kuzitumia data ikiwa imezimwa. Zima ujaribu. Apu ikikataa kufanya kazi bila bando, huenda picha yako inasafiri.

Ya pili ni uchaguzi. Agosti 2027 inakuja, mabango yatajaa kutoka Isebania hadi Mbita, na picha za waheshimiwa zitaanza kutembea kwa grupu, wengine wamepakwa weusi wakae vijana, wengine wamepewa mvi na mahasimu wakae wamechoka na ni wagonjwa. Ukipata moja, vuta karibu pale mstari wa nywele unapokutana na paji, uone kama ngozi inapenya. Angalia kama panja na kisogo zina weupe sawa. Linganisha na kola. Halafu tafuta picha ya mtu huyo huyo ya wiki hiyo, ya mpiga picha wa gazeti. Mvi haziingii Jumanne na kutoka Alhamisi.

Fundi wa Rongo aliprinti picha ya buda kwa karatasi ya A4. Nyuma ameandika kwa kalamu kwamba imetengenezwa kwa simu, na ametaja mwaka wa ile picha ya asili, ili wajukuu wasije wakadhani babu yao alipigwa picha akiwa na miaka 60 na zaidi. Mamake alikataa itundikwe sebuleni. Sebuleni imebaki ile ya 1996, ya machungwa, na mchubuko wake. Hiyo ya mvi ameiweka chumbani, kwa Biblia, na jamaa anasema amemkuta nayo mara mbili akiongea nayo juu ya bei ya mahindi.